Peak Brightness ni ya televisheni, Paper White ni ya sebule: kupanga HDR ya gemu

"Mjomba, mbona jua limekuwa sahani?"

Mpwa wangu aliuliza hivyo akiwa amekaa sakafuni na padi mkononi. Gemu ilikuwa Red Dead Redemption 2, asubuhi, farasi amesimama juu ya kilima. Na kweli lilikuwa sahani: duara jeupe lenye ukingo mkali, mawingu ya karibu yake yamemezwa, hakuna rangi ya chungwa wala tabaka lolote kati ya jua na anga. Alikuwa ameingia kwenye menyu ya HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya giza na mwanga, akakuta vitelezi viwili, akavisukuma vyote hadi mwisho kwa hoja kwamba televisheni ni mpya na yeye ndiye aliyeilipia. Wiki iliyotangulia alifanya kinyume chake, akavishusha vyote, kisha akalalamika kwamba HDR haina tofauti na picha ya kawaida.

Vitelezi vyenyewe ni Peak Brightness na Paper White. Gemu nyingine huviita kwa majina mengine, kwa mfano Max Luminance badala ya Peak Brightness, lakini kazi ni zile zile mbili, na shida huanza pale mtu anapodhani ni kazi moja. Peak Brightness inauliza habari za televisheni: inaweza kutoa mwanga mkali kiasi gani kabla haijaishiwa? Jibu ni moja, na halibadiliki ukifungua pazia. Paper White inauliza habari za chumba na macho yako: kitu cheupe cha kawaida, kama shati au ukurasa wa daftari, kiwe na mwanga kiasi gani? Jibu la hilo mchana si la usiku.

Ndiyo maana tunaanza na Peak, tunaimaliza, hatuigusi tena. Paper White inafuata.

Maana ya namba

Ishara ya HDR10 hupanga mwanga kwa mkunjo uitwao PQ, ambao unakwenda kutoka sifuri hadi niti 10,000. Niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini, yaani kandela moja kwa kila mita ya mraba. Hakuna televisheni ya kawaida ya nyumbani inayofika 10,000. OLED nyingi za kati zilizotoka kati ya 2019 na 2022 hufika niti 700 hadi 800 kwenye eneo dogo la skrini. Televisheni za bei nafuu zilizoandikwa HDR kwenye boksi, nyingi hukomea 250 au 350.

Kwa karatasi nyeupe, shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika ripoti yake ya BT.2408 imeweka niti 203 kama kiwango cha rejea. Ni namba ya utangazaji, si amri kwa mchezaji wa gemu, lakini ni pazuri pa kuanzia.

Sasa fikiria umesimama juu ya meza chumbani. Peak ni dari, Paper White ni urefu wa meza. Jua, moto, taa na mng'ao wa maji vinaishi katika ile nafasi kati ya kichwa chako na dari. Televisheni ya niti 800 ukiiwekea karatasi nyeupe kwenye 200, mwanga mkali unaweza kuwa mara nne ya shati jeupe. Ukiipandisha karatasi hadi 400, inabaki mara mbili tu. Picha nzima imeng'aa, ndiyo, lakini jua sasa limelingana karibu na ukuta uliopakwa chokaa. Watu wengi wanaosema HDR yao imepooza hawana dari fupi. Wamesimama juu ya meza ndefu mno.

Kabla ya kugusa gemu, iache televisheni itulie

Washa gemu kwanza ili televisheni ipokee ishara ya HDR, kwa sababu nyingi huwa na mipangilio yao ya HDR peke yake, na ulichobadilisha wakati wa taarifa ya habari hakihesabiki hapa. Chagua modi ya gemu. Zima kuokoa umeme na kile kihisi kinachorekebisha mwanga kulingana na chumba, maana vikibaki vimewashwa utakuwa unapima kitu kinachohama. Mwanga wa paneli uwe juu kabisa, nayo kontrasti ibaki pale ilipowekwa na modi yenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo ndilo chanzo cha vurugu nyingi. Gemu yenyewe inajua kubana mwanga wake uingie ndani ya Peak uliyoitajia. Televisheni nayo inajua kubana: ikipokea mwanga inaoona haiuwezi, inaupunguza taratibu ili usipotee. Vyote viwili vikifanya kazi kwa pamoja, mwanga unabanwa mara mbili, kama chai iliyochujwa kisha ikaongezwa maji. Jua halijaungua, lakini halina nguvu. Kwa hiyo lazima achaguliwe mmoja, na mwenye haki ya kuchaguliwa ni gemu, kwa sababu ndiyo inayojua hili ni jua na lile ni shati.

Kampuni za televisheni, za gemu na za konsoli, Sony na Microsoft zikiwemo, ziliunda kundi liitwalo HDR Gaming Interest Group kwa ajili ya jambo hili hili, na ndilo lililozaa maandishi ya HGIG unayoyaona kwenye menyu. Kwenye LG nyingi za OLED yapo chini ya HDR Tone Mapping au Dynamic Tone Mapping. Ukichagua HGIG, televisheni inaacha kubana: inaonyesha kila niti kama ilivyotumwa hadi ikifika mwisho wake, kisha inakata kwa kisu. Kukata huko kunatisha kukisoma, lakini ndiko kunakotuwezesha kupima.

Usishangae picha ikionekana imepungua mwanga mara tu unapochagua HGIG. Ile modi ya kubana kwa kujiongeza ilikuwa inapandisha kila kitu, meza na yote iliyo juu yake. Mwanga huo utaurudisha mwenyewe kwa Paper White, kwa kiasi unachotaka.

Konsoli

Hapa tusikae sana. PS5 nenda `Settings > Screen and Video > Video Output > Adjust HDR`. Xbox ni `Settings > General > TV & display options > Calibrate HDR for games`. Kwenye Windows 11 kuna programu ya bure ya Microsoft iitwayo Windows HDR Calibration. Zote zina mtindo mmoja: alama ndani ya mraba mweupe, unaongeza mpaka alama iwe ndiyo kwanza inapotea, unasimama hapo hapo. Ukiendelea kubonyeza baada ya alama kupotea, unaidanganya konsoli kwamba televisheni ina nguvu isiyokuwa nayo. Kwenye skrini ya weusi, mwenye OLED kwa kawaida huishia chini kabisa.

Gemu nyingine husoma namba hizi moja kwa moja na hazina kitelezi cha Peak kabisa. Nyingi hazisomi, au husoma halafu hukuruhusu kubadilisha. Hizo ndizo zinazotuhusu.

Peak Brightness: tafuta mahali dari inapogusa kichwa

Kama gemu inataja niti na unaijua namba ya televisheni yako, weka namba hiyo, basi. Usijisumbue na niti 50. Mkunjo wa PQ umepangwa kwa namna jicho linavyoona, na huko juu hatua kati ya 750 na 800 ni vigumu kuiona. Tofauti ya 800 na 4,000 ndiyo inayoua picha.

Ila gemu nyingi zina kitelezi kisicho na kipimo, au mtu hajui namba ya televisheni yake. Njia ninayoiamini haihitaji vifaa. Tafuta mahali ndani ya gemu penye kitu kikali chenye maumbo ndani yake: mawingu karibu na jua, au moto wa kambi unaouona ndimi zake. Simama, usisogeze kamera. Panda Peak hadi juu kabisa, kisha anza kushuka hatua moja moja ukitazama sehemu ile kali tu.

Mwanzoni utaona jambo la ajabu: kila ukishuka, maumbo yanaongezeka lakini ukali wa kilele haupungui. Ukingo wa wingu unajitokeza, ulimi wa moto unatenganishwa na mwingine, njano inarudi mahali palipokuwa peupe, huku sehemu kali kuliko zote imebaki vile vile. Maana yake gemu ilikuwa inatuma mwanga juu ya uwezo wa televisheni, na yote yaliyopita mwisho wake yalikuwa yamekatwa yakawa bapa. Huko ndiko kuungua. Endelea kushuka. Itafika hatua ambapo hakuna umbo jipya linalotokea, na badala yake kilele chenyewe kinaanza kufifia. Umepita. Rudi juu hatua moja. Hapo ndipo pako.

Kwa mpwa wangu nilifanya hivyo kwenye kilima kile kile. Kwenye menyu ya gemu hiyo chagua kwanza Game badala ya Cinematic, ndipo vitelezi viwili vifanye kazi yake. Televisheni yake ni OLED yenye HGIG. Kutoka alipokuwa amepaweka, juu kabisa, niliteremka. Kwa muda mrefu jua lilibaki sahani, kisha likaanza kupata duara la manjano pembeni. Nilipokaribia 1,000 mawingu mawili membamba yalijitokeza mbele yake ambayo mwenyewe hakuwahi kujua yapo. Kwenye 800 duara lilikuwa na tabaka zake zote. Nikashuka tena hadi 600: mawingu yale yale, hakuna jipya, lakini jua limelegea, huhisi kufumba jicho. Tukarudi 800.

"Kumbe mkali zaidi ni wa chini," akasema.

"Si mkali zaidi. Sasa unaona lilivyo kali, kwa sababu lina kitu cha kulinganishwa nacho."

Wakati unasogeza Peak, tupia jicho uso wa mhusika au ukuta wa kivulini. Ikiwa gemu imetengenezwa vizuri, uso hautikisiki. Ukiona uso nao unang'aa na kufifia pamoja na jua, basi kitelezi hicho kinapandisha picha nzima, na zipo gemu za namna hiyo. Bado utaratibu ni ule ule, ila utalazimika kuishusha Paper White baadaye kufidia.

Na tafadhali usipige picha skrini kwa simu kisha ukaamua kwa picha hiyo. Kamera ya simu inajirekebishia mwanga yenyewe. Itakuonyesha jua limeungua hata kama kwenye skrini liko sawa.

Paper White: kaa unapokaa

Peak unaweza kuipanga ukiwa umesimama hatua mbili kutoka kwenye skrini. Paper White hapana. Kaa kwenye kochi lako, kwa taa na pazia vilivyo wakati unapocheza kweli, na usubiri dakika chache macho yazoee.

Anza na 200. Ukikosa namba, anza katikati ya kitelezi. Nenda mahali pa mchana wa kawaida penye uso wa mtu na kitu cheupe, pasipo jua ndani ya picha. Tazama uso, si anga. Kama unalazimika kukaza macho kuona sura yake chini ya kofia, ongeza. Kama shati jeupe linavuta jicho kuliko uso, au maandishi ya mazungumzo chini ya skrini yanachoma, punguza. Gemu nyingi maandishi na ramani hufuata Paper White, kwa hiyo ni kipimo kizuri: maandishi meupe yaonekane kama yameandikwa kwenye skrini, si kama taa za gari linalokuja. Kwa OLED kuna sababu ya pili ya kutoyaweka makali, nayo ni kwamba ramani inayokaa kona ile ile saa nyingi kwa mwanga mkubwa ndiyo inayoacha alama.

Kisha geuka ulitazame jua au moto. Je, bado unaruka juu ya shati? Kama umeongeza Paper White mpaka kila kitu kikawa sawasawa, umekula nafasi ya juu. Kwa televisheni ya niti 800 mimi huwa sipendi kupita 250. Hiyo ni rai yangu, si sheria, lakini nikiona mtu yuko 400 huwa najua nitakachosikia akielezea picha yake.

Mtihani wa mwisho ni theluji, na bahati nzuri gemu hii inaanzia milimani kwenye tufani ya theluji. OLED haiwezi kuwasha skrini nzima kwa nguvu ile inayowasha eneo dogo; nyingi za miaka hiyo, skrini ikijaa weupe hushuka hadi kati ya niti 120 na 200. Ukiwa na Paper White 300, uwanda wa theluji utaiomba paneli kitu isichokuwa nacho, na utaona picha ikijizimia kidogo kila kamera inapogeuka kutoka kwenye mti mweusi kwenda kwenye theluji tupu. Mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni televisheni, kwamba imeharibika. Haijaharibika. Shusha Paper White hadi mapumuo hayo yasikusumbue. Kwa mpwa wangu yalianza kusahaulika kwenye 180.

Kama televisheni haina HGIG

Zima aina yoyote ya kubana inayojibadilisha yenyewe. Menyu nyingine huiita Dynamic au Active, na karibu yake kuna Static au Off. Kisha rudia mtihani wa mawingu. Tofauti utakayoiona ni kwamba hakuna kisu. Televisheni inabana taratibu, hivyo maumbo yanaendelea kuonekana hata ukiwa kwenye 2,000 au zaidi, na ile alama ya konsoli inakataa kupotea. Hapo usiifuate alama, itakupeleka mbali. Weka Peak kwenye 1,000, maana filamu nyingi za HDR zilitengenezewa kiwango hicho na televisheni nyingi zimepangwa kukishughulikia. Picha ikiwa imefifia katikati, jaribu kushuka kuelekea uwezo halisi wa paneli kama uliupata kwenye vipimo vya watu wanaopima televisheni kwa vifaa. Wao huandika niti za dirisha la asilimia 10, yaani eneo jeupe linalojaza asilimia 10 ya skrini. Hiyo ndiyo namba ya kutumia, si ile ya skrini nzima wala iliyoko kwenye boksi.

Kwa televisheni ya niti 300, hesabu inakuwa ngumu. Karatasi kwenye 200 inaacha mara moja na nusu tu ya nafasi. Unaweza kuishusha hadi 120 na ukacheza usiku taa zikiwa zimezimwa, na HDR itakuwepo kweli ingawa ya kiasi. Lakini mchana, dirisha likiwa wazi, picha hiyo itakuwa giza. Zima HDR kwenye konsoli ucheze picha ya kawaida. Nimewaambia hivyo watu wawili na wote walinuna, kwa sababu walinunua neno lile lililoandikwa kwenye boksi.

Mambo mawili yanayovuruga baada ya kumaliza

La kwanza ni kitelezi cha tatu, kinachoitwa Brightness au Gamma tu. Mtu akiona pango ni jeusi anakikimbilia hicho. Kinainua vivuli, weusi unakuwa kijivu, na kazi yote uliyofanya inaonekana imepauka. Kiache kwenye namba yake ya asili, na kama pango ni jeusi mno ongeza Paper White kidogo kwanza.

La pili ni kwa wa kompyuta. Kitelezi cha SDR content brightness kwenye Windows hubadilisha mwanga wa desktopu na programu za kawaida. Gemu inayotoa HDR yake yenyewe haikijali. Ukikisogeza ukitarajia gemu ibadilike, utakaa hapo hadi chakula kipoe.

Mpwa wangu sasa ana namba tatu ameziandika kwa kalamu kwenye kipande cha gundi ya karatasi, kimebandikwa nyuma ya rimoti: 800, mchana 240, usiku 170. Mchana pazia lake halizibi vizuri na jua la saa tisa linaingia hadi kwenye kochi, ndiyo maana ya 240. Theluji inapumua kidogo kwa namba hiyo, lakini alishatoka milimani siku nyingi.